Nitoboe wapi, na kwa ukubwa gani? Kupima matundu ya hewa ya kiwanda chenye joto

Kiwanda ninachokitolea mfano kiko Pemba, katikati ya mikarafuu, na kazi yake ni kukeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Jengo lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 12. Kuta zina kimo cha mita 5 na mgongo wa paa uko mita 7.5 juu ya sakafu. Paa ni bati tupu lililokwisha shika kutu. Ndani mna boila ya kuni na matangi mawili ya kukenekea. Aliyejenga aliacha safu ya matofali ya matundu chini ya paa pande zote, akaona hewa imeshapata njia. Ikifika saa saba mchana, vijana wa tangini wanafanya kazi dakika kumi, wanatoka nje kupunga upepo, wanarudi.

Mwenye kiwanda hakutaka mafeni. Umeme ni gharama, na mvuke wa mafuta ya karafuu hauzipendi mota. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, nitoboe wapi, na kwa ukubwa gani?" Nitalijibu hapa kwa mpangilio ule ule tulioufuata.

Kwanza chagua siku ya kuhesabia

Watu wengi wa visiwani wakiambiwa jengo lipitishe hewa, wanafikiria upepo. Ni haki yao. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, Kusi inashika kuanzia Mei hivi hadi Oktoba. Lakini baina yao kuna maleleji, siku ambazo tanga linaning'inia mlingotini na moshi wa jikoni unapanda wima. Maleleji ya Novemba yanakuta msimu wa karafuu haujesha, makonyo yamerundikana, na boila haizimwi. Hiyo ndiyo siku ya kuhesabia. Matundu yakitosha siku isiyo na upepo, upepo ukija ni nyongeza, ilimradi hauingii kwa mlango usiokuwa wake. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu limewahi kunitia aibu.

Siku isiyo na upepo, kinachosukuma hewa ni joto lenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea juu, na ile ya nje iliyo nzito inaingia chini kushika nafasi yake. Jengo zima linageuka dohani. Mvuto huo wa dohani unategemea mambo mawili tu: kimo kati ya tundu la chini na la juu, na tofauti ya joto la ndani na la nje.

Hatua ya 1: hesabu joto, kisha lipunguze kabla ya kutoboa

Joto la boila lisikutishe kwa ukubwa wa moto wake. Sehemu kubwa inatoka na moshi kupitia dohani, na nyingine inasafiri na mvuke hadi kwenye kipozeo kilicho nje. Kinachokuhusu ni kile kinachobaki ukumbini, na unakipata kwa kupima ngozi za vitu. Ngozi ya chuma isiyovikwa, yenye nyuzi 95 ndani ya ukumbi wa nyuzi 35, inatoa takriban wati 700 kwa kila mita ya mraba. Kila tangi lina ngozi ya mita za mraba 10, kwa hiyo mawili yanatoa kilowati 14. Ukuta wa boila, ambao ni mpana lakini si wa moto sana, unatoa 10. Bomba la mvuke la mita 20 lililoachwa uchi linatoa zaidi ya 5.

Halafu kuna makapi. Kila baada ya mkupuo, kilo mia kadhaa za makonyo yaliyochemka zinamwagwa sakafuni karibu na mlango, zinafuka hadi zipoe. Ukiligawa joto hilo kwa saa moja unapata kilowati 17, zaidi ya matangi yote mawili. Hakuna aliyekuwa akilihesabu, kwa sababu watu wanahesabu mashine.

Na paa. Bati lenye kutu likipigwa na jua la mchana linashusha ndani kiasi cha wati 150 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Paa hili linafunika mita za mraba karibu 290 za sakafu, na hiyo ni kilowati 43. Karibu nusu ya joto la kiwanda kizima halikutoka kwenye moto wowote, lilitoka kwenye bati.

Jumla ni kilowati 90 hivi. Kabla ya kugusa ukuta tulifanya mambo matatu: makapi yakawa yanatolewa nje kwa toroli moja kwa moja, bomba la mvuke likavikwa, na paa likapakwa rangi nyeupe. Bati jeupe likiwa jipya linapunguza joto kwa zaidi ya nusu, lakini vumbi na moshi wa kuni vinalichafua, kwa hiyo nilihesabu kwamba litabaki na kilowati 25. Jumla ikashuka hadi 50. Kilowati 40 zimeondoka bila kutoboa hata tofali moja.

Hatua ya 2: hewa kiasi gani ipite

Amua hewa inayotoka juu iruhusiwe kuwa na joto kiasi gani kuzidi ya nje. Nilichagua nyuzi 5. Ukichagua 2, matundu yatalazimika kuwa makubwa karibu mara nne. Ukichagua 10, vijana watarudi kule kule. Na mwambie mwenye jengo mapema: hewa ya asili haiwezi kuupoza ukumbi chini ya joto la nje. Nje kukiwa nyuzi 32, ndani hakutakuwa 30.

```
Q = P / (1.15 × dT)
Q = 50 / (1.15 × 5) = 8.7
```

P ni joto kwa kilowati, dT ni tofauti ya nyuzi, na Q ni mita za ujazo za hewa kwa sekunde. Hiyo 1.15 ni joto linalobebwa na mita moja ya ujazo ya hewa yetu kwa kila uzi mmoja. Kwa jengo hili, mita za ujazo 8.7 kwa sekunde ni sawa na kubadilisha hewa yote mara 17 kwa saa.

Hatua ya 3: nguvu uliyo nayo

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanaichukua ile tofauti ya nyuzi 5 na kuiweka kwenye kimo chote cha jengo. Lakini nusu ya joto letu linatoka kwenye bati, nalo linapasha hewa ya juu tu, iliyokwisha fika mlangoni pa kutokea. Hewa ya chini, usawa wa watu, ina labda nyuzi 2 kuzidi ya nje. Kwa hiyo kwa ajili ya mvuto chukua wastani wa safu nzima, na hapa nilichukua 3.5. Kimo kinapimwa kutoka katikati ya tundu la chini, lililo mita 1 juu ya sakafu, hadi tundu la mgongoni kwenye mita 7.5. Yaani mita 6.5.

```
v = √(2 × 9.81 × H × dTw / T)
v = √(2 × 9.81 × 6.5 × 3.5 / 305) = 1.21
```

H ni kimo, dTw ni ule wastani, na T ni joto la nje kwa Selsiasi ukijumlisha 273. Jibu ni mita kwa sekunde.

Ukigeuza hesabu hiyo kuwa msukumo, unapata paskali 0.84. Chukua karatasi moja ya kawaida ya printa, ilaze kiganjani. Uzito unaousikia, au tuseme usiousikia, ndio msukumo wote unaoendesha hewa ya kiwanda hiki. Ukishaisikia karatasi hiyo hutashangaa kwa nini wavu mmoja wa mbu unaweza kuharibu kazi yote.

Hatua ya 4: ukubwa wa matundu

Hewa haipiti kwenye tundu lote. Inajibana pembezoni, na kwa tundu lenye kingo kali kinachofanya kazi ni sehemu 0.6 tu.

```
A = Q / (0.6 × v) = 8.7 / (0.6 × 1.21) = 12
```

Mita za mraba 12 hizo si za tundu la chini wala la juu, ni za yote mawili yakifanya kazi kwa kufuatana. Uhusiano wao ni huu:

```
1/A² = 1/Ac² + 1/Aj²
```

Ac ni la chini, Aj ni la juu. Ukiyafanya sawa, kila moja linahitaji mita za mraba 17. Lakini kufungua mgongo wa paa ni ghali na mvua inakuja nayo, ilhali kutoboa ukuta chini ni rahisi. Basi tukapunguza juu na kuongeza chini: juu mita za mraba 14, chini 23.3. Tulifungua mgongo kwa urefu wa mita 22, tukiacha mita moja kila ncha, kwa hiyo upana wa mfereji ukawa sentimita 64. Kofia ya bati inayoufunika ina uwazi wa sentimita 50 kila upande. Jumla ya pande mbili ni mara moja na nusu ya mfereji, ili kofia isije ikawa ndiyo kizuizi.

Usipunguze tundu moja ukategemea jingine bila kikomo. Hewa inapita kwa kadiri ya tundu dogo, na ukishafika chini ni mara mbili ya juu, kinachoongezeka ni kidogo mno.

Na yale matofali ya matundu chini ya paa? Kuna usawa fulani ndani ya jengo ambapo hewa haisukumwi kuingia wala kutoka. Chini yake tundu lolote linavuta, juu yake linapumua nje. Kwa matundu yetu mapya usawa huo uko karibu mita 2.7 kutoka sakafuni. Zamani, kulipokuwa hakuna tundu la maana chini wala mgongoni, usawa huo ulikuwa palepale penye matofali. Yalikuwa yanavuta na kutoa kwa zamu, na hewa iliyoingia ilichanganyika na moto wa juu kabla haijamfikia mtu.

Hatua ya 5: pima uwazi halisi

Mita za mraba 23.3 ni za uwazi mtupu. Matofali ya matundu yanayouzwa yanatofautiana, lakini mengi uwazi wake hauzidi asilimia 40. Tungeyatumia, tungehitaji ukuta wa mita za mraba 58, wakati ukanda wa mita moja kwenye kuta zote mbili ndefu ni 48 tu. Tuliacha madirisha mapana yenye kimo cha mita 1, kuanzia nusu mita juu ya sakafu, tukayaziba kwa waya mzito wa matundu makubwa. Waya huo ulikula asilimia 15 hivi, kwa hiyo tulitoboa mita za mraba 27.4. Mwenye jengo alitaka wavu wa mbu. Nilimwambia mbu hakai kwenye moshi wa makonyo, akacheka, tukaendelea.

Adui wa kweli wa tundu la chini ni mapolo. Msimu ukipamba moto, makonyo yanapangwa ukutani hadi juu. Yakiziba robo tatu ya matundu, yaani zibaki mita za mraba 6, zile 12 zinashuka hadi 5.5, na hewa ya juu inapanda kutoka nyuzi 5 hadi zaidi ya 8. Joto halipandi mara mbili kwa sababu kadiri ndani kunavyopata moto ndivyo mvuto unavyoongezeka, jengo linajitetea kidogo. Lakini nyuzi 3 za nyongeza, kwa unyevu wetu, mtu anazijua mwilini. Tulipiga mstari wa rangi nyekundu sakafuni, mita moja na nusu kutoka ukutani, na polo haliruhusiwi kuuvuka.

Hatua ya 6: hakikisha upepo hauendi kinyume

Niliahidi kurudi hapa. Miaka ya nyuma nilipima matundu ya kiwanda kimoja cha mikate Unguja. Matundu ya chini niliyaweka upande wa kaskazini, na juu nikainua kipaa kimoja chenye uwazi unaotazama kusini. Tulimaliza Januari. Kaskazi ikawa inaingia chini, moto unatoka juu, kila mtu akanipa mkono. Mwezi Juni nikapigiwa simu: "Fundi, njoo uone, moto unarudi ndani." Nikakuta Kusi inaingia kwa juu, inaushusha moto wote wa tanuri hadi kwenye vichwa vya watu, unga unapeperuka mezani.

Hesabu yake ni fupi, na ningeifanya mapema ningeokoa uso wangu. Msukumo wa upepo ni huu, U ikiwa mwendo wake:

```
q = 0.5 × 1.15 × U²
```

Upande unaopigwa na upepo unapata takriban 0.4 ya q kwa kusukumwa ndani, na upande wa kisogo unapata 0.3 kwa kunyonywa nje. Tofauti ni 0.7. Kwa mvuto wa paskali 0.84, upepo unaoushinda ni wa mita 1.4 tu kwa sekunde. Huo ni upepo usiotikisa hata ukuti wa mnazi vizuri. Kwa hiyo tundu la juu lenye uso mmoja ni kamari, na visiwani ambako upepo unageuka kila nusu mwaka, ni kamari unayojua utashindwa.

Dawa ni mgongo uliofunguliwa pande zote mbili, na mbele ya kila uwazi usimamishe kizuizi cha bati. Upepo ukitoka upande wowote unarushwa juu ya kizuizi, na nyuma yake unaacha mnyonyo. Kizuizi kiwe na kimo kisichopungua cha uwazi wenyewe, na kikae mbali nao kwa upana angalau sawa na huo, vinginevyo umeziba ulichofungua. Bati hilo hilo ndilo linalozuia mvua ya vuli isiingie kwa ubavu. Chini, weka matundu kwenye kuta zote mbili ndefu.

Kwa mpangilio huo, upepo wa mita 2 kwa sekunde unaongeza hewa hadi karibu mara moja na nusu. Nasema karibu, kwa sababu hewa ikizidi, ndani kunapoa na mvuto wa joto unapungua. Usijumlishe hewa ya upepo na hewa ya joto kana kwamba ni pesa. Kinachojumlishwa ni misukumo, kisha hewa inafuata kipeuo cha pili cha jumla hiyo.

Usitumie mwendo wa upepo wa uwanja wa ndege. Kiwanda hiki kimefichwa na mikarafuu na minazi, na kilicho mita 6 kwa sekunde kule wazi kinaweza kufika ukutani kikiwa 2.

Hatua ya 7: jaribu kwa chetezo

Subiri saa saba ya siku tulivu, matangi yote yakichemka. Chukua chetezo chenye ubani, kisogeze kwenye kila tundu la chini, shubiri moja kutoka waya. Moshi ulale kuelekea ndani, bila kusita. Ukisimama wima au ukirudi nje, tundu hilo limezibwa au liko juu ya ule usawa. Kisha panda ngazi hadi mgongoni: moshi utoke pande zote mbili. Ukitoka upande mmoja na kuingia upande wa pili, vizuizi viko chini mno.

Tundika vipimajoto vitatu katikati ya ukumbi, usawa wa mita 1.5, 4 na 7, mbali na mng'aro wa matangi, na kimoja nje kivulini. Cha juu kikizidi cha nje kwa nyuzi 5 au 6, hesabu imekubali. Kikizidi kwa 8 na cha chini ni poa, tafuta kizuizi mgongoni. Vyote vitatu vikilingana na vyote viko juu, hewa inachanganyika: ama tundu la juu linaingiza, ama kuna mlango mkubwa unaopigwa na upepo. Ukiwa na kipimaupepo cha mkononi, kwenye matundu ya chini tarajia wastani wa mita 0.4 kwa sekunde, na mfereji wa mgongo 0.6.

Mwendo huo wa 0.4 mtu hausikii sana, na kijana anayesimama hatua moja kutoka tangini bado ataungua uso, kwa sababu mng'aro wa chuma cha moto haubebwi na hewa. Kwake tulisimamisha bati linalong'aa kati yake na tangi, likiwa wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma yake. Siku ya kwanza aliliweka mgongo kinyume, upande wenye kutu ukitazama tangi. Tuliligeuza.